Daftari la bibi: Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi nazisoma, maneno hayaji. Naomba msaada

Mjukuu_wa_Tanga

Habari zenu wanajamvi. Mama mkubwa amenikabidhi daftari la bibi mzaa mama, mtu wa Pate aliyeolewa Tanga. Limeandikwa kwa mkono, herufi za Kiarabu na irabu zake zote, ila lugha si Kiarabu. Mimi chuoni nimesoma mpaka nikahitimu, kwa hiyo herufi hazinisumbui. Shida ni kwamba nikishazisoma sipati maneno.

Kila mstari umekwenda upana wa ukurasa mzima na una vipande vinne, katikati kuna alama ndogo za wino mwekundu. Mstari wa kwanza baada ya bismillahi nimeunakili herufi kwa herufi hivi:

*nighima waghu binti / mshashifu wa sanati / ubuliki wasiati / asa ukazighatia*

Nimeelewa "binti" tu. Ninachotaka ni kulihamishia lote kwenye Kiswahili cha leo ili wajukuu walisome. Halafu mwishoni umetajwa mwaka 1275. Ina maana daftari lenyewe ni la 1275 Hijria?

Kalamu_Mbili

Mkuu, hapo mwandishi hakuwa mjuzi. Kiswahili cha herufi za Kiarabu kina pe yake yenye nukta tatu chini (پ), kina che yake (چ) na ve yake (ڤ). Kama daftari halina hizo, basi limeandikwa na mtu wa kubahatisha, ndiyo maana hupati maneno. Tafuta jedwali la herufi za Kiswahili ujifunze, kisha utaona mwenyewe palipokosewa.

Maalim_Kisiwani

Assalaam aleikum. Ndugu Kalamu, herufi hizo zipo kweli, na wapo waliozitetea kwa nguvu, Mombasa hasa. Marehemu Sheikh Yahya Ali Omar ni mmoja wao. Lakini hati nyingi za zamani, za upande wa Lamu na Pate zaidi, hazina. Mwandishi alitumia herufi zilezile za Kiarabu akijua kwamba msomaji ni Mswahili na neno analo tayari kichwani. Hakubahatisha.

Mjukuu, sikiliza. Be inasomwa b, lakini pia ni p, na pia ni mb. Dali ni d, na ni nd. Fe ni f na v. Shini ni sh na ch. Ghaini ndiyo yenye kazi kubwa, kwa kuwa inabeba gh, g, ng na ng'. Kasira ni i au e. Dhuma ni u au o. Sasa rudi kwenye mstari wako na kila ghaini ijaribu kama g au ng, kila shini kama ch, be kama p. "Nighima" inakuwa *negema*. "Waghu" ni *wangu*. "Mshashifu" ni *mchachefu*. "Ubuliki" ni *upulike*. Mstari wako ni huu:

*Negema wangu binti,*
*mchachefu wa sanati,*
*upulike wasiati,*
*asa ukazingatia.*

Huo ndio ufunguzi wa Utendi wa Mwana Kupona, ndugu yangu. Bibi yako alinakili, au alinakiliwa, wasia ambao Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye Mwana Hashima alipokuwa mgonjwa. Mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said.

Kuhusu mwaka, 1275 ni wa utungo. Umo ndani ya beti za mwisho, na kila anayenakili anaunakili nao. Mwaka huo wa Hijria ulianza Agosti 1858 ukamalizika katikati ya 1859, kwa hiyo hata "1858" inayoandikwa vitabuni ni ya kukadiria. Tarehe ya daftari lako itafute baada ya ubeti wa mwisho, palipoandikwa kwa nathari, mara nyingi maandishi yakipungua upana kuelekea chini. Hapo mnakili hutaja jina lake na siku aliyomaliza. Tazama karatasi pia. Ikiwa ina mistari ya kiwandani kama madaftari ya shule, basi ni ya miaka mingi baada ya Mwana Kupona.

Mjukuu_wa_Tanga

Subhanallah. Maalim, shikamoo. Karatasi ina mistari ya bluu iliyofifia, kwa hiyo umenijibu. Hapo mwisho kwenye nathari naona "katabahu" na jina, nitalifanyia kazi nikitulia.

Sasa nauliza. Kama utendi ulishachapwa, kuna faida gani kuunakili wa bibi? Si nichukue kitabu niwape wajukuu?

BintiShela

Mjukuu, usithubutu. Kwetu Lamu nakala hazilingani. Huyu ana ubeti ambao yule hana, huyu kaanza na huu, yule kautanguliza mwingine. Bibi zetu waliunakili kutoka kwa mama zao na wengine waliandika kwa kusikia, mmoja anasoma mwenzake anaandika. Ulivyo kwa bibi yako ndivyo ulivyosomwa nyumba hiyo.

Mtu_wa_Mkoani

Na mimi nina karatasi ya babu, herufi hizihizi, inahusu shamba la mikarafuu. Maalim unaweza kunisomea? Ndugu wa baba mdogo wanadai shamba ni lao na kesi inakuja. Naona mwanzoni "ila janabi" halafu majina mengi, sijui ndio wamiliki?

Maalim_Kisiwani

Ndugu wa Mkoani, hiyo ni barua, si hati ya shamba. "Ila janabi" maana yake inakwenda kwa mheshimiwa fulani. Maneno yote yanayofuata pale juu ni sifa na salamu za Kiarabu za kawaida ya barua, zinaandikwa hivyo kwa kila mtu. Habari yenyewe inaanza baada ya "wabaadu" au "ama baadu", na hapo ndipo lugha inageuka Kiswahili. Anza kusoma kutoka hapo.

Barua ni ngumu kuliko utenzi, kwa sababu haina mizani wala vina vya kukusahihisha. Njia yake ni kukusanya kwanza maneno unayoyajua kwa hakika, yaani jina la babu, jina la kijiji, neno "shamba", neno "mikarafuu", uone mkono wa huyo mwandishi unavyoiunda kila herufi. Ukishaujua mkono wake ndipo uende kwenye maneno usiyoyajua. Ila kwa kesi, usipeleke usomaji wako wala wangu. Peleka karatasi yenyewe kwa watu wa Nyaraka kule Kilimani, Unguja, au kwa kadhi, isomwe na mtu anayeweza kusimama mbele ya hakimu.

Mtu_wa_Mkoani

Shukrani Maalim. Lakini hayo majina basi sio wamiliki?

Maalim_Kisiwani

Sio. Ni muandikiwa na sifa zake.

Mjukuu_wa_Tanga

Nimeendelea. Ubeti wa pili nimeusoma kwa njia ya Maalim:

*Maradhi yameshika / hata yametimu mwaka / sikupata kutamka / neno lema kukwambia*

Huu umenyooka. Na wa tatu kipande cha kwanza naona "dubi ujilisi". Nimejaribu ndubi, dumbi, ndombe. Hakuna.

Maalim_Kisiwani

Ya kwanza haijanyooka. Hesabu mizani. Utenzi huu una mizani 8 kila kipande. Ma-ra-dhi-ya-me-shi-ka ni 7. Imepungua moja, basi kuna herufi uliyoiruka. Shini ina meno matatu. Tazama meno hapo kwenye neno, kisha unieleze.

Mjukuu_wa_Tanga

Nimekuza picha. Meno ni manne! Jino la kwanza lina nukta yake lakini imegandana na nukta za shini.

Maalim_Kisiwani

Hiyo ni nuni. *Maradhi yamenshika*, yaani yamenishika. Ma-ra-dhi-ya-me-n-shi-ka, 8. Tofauti si ndogo. "Maradhi yameshika" ni habari ya ugonjwa tu, "yamenshika" ni mama anasema habari ya mwili wake.

Mizani hiyohiyo itakufungulia "dubi". Du-bi-u-ji-li-si ni 6, zimepungua mbili. Dali ni nd, be ni mb, na wau na ye baada yake si za kuvuta sauti tu, kila moja imebeba silabi nzima ya pili. *Ndoo mbee ujilisi.* Ndo-o-mbe-e-u-ji-li-si. Kwa Kiunguja, njoo mbele uketi.

Hapo pana mtego mmoja. Wanakili wengi hutia wau, ye au alifu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kuonyesha pale sauti inapokazwa. Nina hakika kwenye "negema" una ye baada ya ghaini. Hiyo haimaanishi "negeema". Sasa utajuaje ipi ni mkazo na ipi ni silabi kamili? Jicho halitakwambia, kwa sababu zinaandikwa sawasawa. Mizani ndiyo itakayokwambia.

Kalamu_Mbili

Nimekuelewa Maalim, na la pe nimelipokea. Ila naona mnazunguka. Lengo la mkuu ni wajukuu wasome Kiswahili cha leo. Aandike moja kwa moja kwa sanifu na abakishe vina. Mimi nimejaribu ubeti wa kwanza:

*Sogea wangu binti,*
*mwenye umri katiti,*
*sikiliza wasiati,*
*upate kuzingatia.*

Mizani 8 kila kipande, vina vimekaa.

Mwalimu_wa_Fasihi

Nafundisha kidato cha tano na sita, nimeufuatilia uzi huu kimya. Kalamu, kwa upande wa mizani umepatia. Lakini tazama ulicholipa ili kupata kina. "Katiti" si sanifu, mwanafunzi wangu wa Dodoma ataniuliza maana yake kama ambavyo angeniuliza "sanati". Na "asa" umeipoteza. *Asa ukazingatia* ni huenda ukazingatia. Mama mgonjwa anampa mtoto wasia na hana hakika kama atausikiliza. Wewe umeandika "upate kuzingatia", hakika imekuja na wasiwasi umeondoka. Huo wasiwasi ndio uliobeba utendi mzima.

Mimi ningeuandika kwa nathari chini ya ubeti wa asili: *Nikaribie, binti yangu, wewe ambaye miaka yako bado michache. Usikilize wasia, huenda ukauzingatia.* Kina nakiacha juu kilikozaliwa.

BintiShela

Mwalimu hapo nakupa mkono, ila nathari tupu watoto hawataiimba. Sisi utendi huu tuliusikia ukiimbwa. Ukimpa mtoto nathari amepata maneno, sauti hakupata.

Mwalimu_wa_Fasihi

Ndiyo maana nasema ubeti wa asili ubaki juu, kwa herufi za Kirumi, aimbe huo. Nathari iwe chini ya kumfafanulia anachoimba. Lakini nakubali kwamba mtoto mwenyewe ataangalia chini tu.

Maalim_Kisiwani

Katika hilo sina neno la mwisho, kila mtu na wasomaji wake. Ninalolishikilia ni kwamba Mjukuu asiruke ngazi. Kwanza aandike herufi kwa herufi kama alivyofanya mwanzo, "nighima waghu", bila kusahihisha kitu. Pili asome kwa Kipate na Kiamu kilivyo, "negema wangu". Tatu ndiyo Kiswahili cha leo. Vyote vitatu vikae ukurasa mmoja. Ukiruka la kwanza, siku utakapokosea la pili hakuna atakayeweza kukukamata, hata wewe mwenyewe.

Na la pili usilichanganye na la tatu. Mkono wa mtu aliyekulia kwenye Kiunguja hauvumilii "pamoya", utaandika "pamoja" bila kujua. Ubeti wa nne unasema *Kisake kutakarabu, bisumillahi kutubu, umtaye na Habibu, na sahabaze pamoya.* Pamoya ibaki pamoya na umtaye ibaki umtaye, mpaka ufike ngazi ya tatu. Wa tano una *ina la Mola Muweza*. "Ina" ni jina. Mtu wa leo akiliona peke yake atadhani ni "ina" ya kuwa na kitu.

Mjukuu_wa_Tanga

Maalim, ubeti wa tatu unanitatiza kwa vina. *Ndoo mbee ujilisi, na wino na karatasi, moyoni nina hadithi, nimependa kukwambia.* Si, si, halafu thi? Bibi ameandika the ya nukta tatu juu kabisa, sio sini. Niifanye "hadisi" ili kina kikae?

Maalim_Kisiwani

Usiiguse. Neno hilo la Kiarabu lina the na mwandishi ameliheshimu. Aliyekuwa anasoma kwa sauti aliweza kulitamka kwa s na kina kikatimia masikioni. Hata vitabu vilivyochapwa vinaweka "hadithi" hapo.

Mjukuu_wa_Tanga

Nimefika kwenye hirizi. Nimesoma hivi: *Twaa nikupe hirizi, uifunge tu kwa uzi*. Mizani 8, vina sawa, maana nayo ipo, ifunge kwa uzi tu, haihitaji mkufu wa dhahabu. Nimeipenda sana hii.

Maalim_Kisiwani

Vitabuni ni *uifungeto kwa uzi*. Hiyo "to" inafungwa mwishoni mwa kitenzi na maana yake ni vizuri, barabara. Uifunge vizuri kwa uzi.

Mjukuu_wa_Tanga

Lakini Maalim, te yenye dhuma ni "tu" na ni "to", umesema mwenyewe. U-i-fu-nge-tu-kwa-u-zi, 8. U-i-fu-nge-to-kwa-u-zi, 8. Mizani haichagui hapa.

Maalim_Kisiwani

Haichagui, kweli. Hapo inachagua lugha. "To" ya namna hiyo ilikuwa hai kwenye tungo za Pate na Lamu, na anayetoa wasia anaagiza mtoto afunge hirizi isidondoke. Tazama na kinachofuata, *uipe na taazizi*, uitukuze. Agizo la kuikaza na kuitukuza yanakwenda pamoja. Mimi nasoma "to" bila shaka.

BintiShela

Mimi sina uhakika kama wako, Maalim. Nyanya yangu aliimba "uifungeto", hiyo ni kweli. Lakini ubeti wa mbele yake kidogo, *Nikutungie kidani cha lulu na marijani*, huko ndiko kwenye vito. Hirizi inakuja kwanza kwa uzi mtupu, kidani kinakuja baadaye kwa lulu. Usomaji wa Mjukuu una pa kusimama.

Mwalimu_wa_Fasihi

Na kwenye hati je, te na neno la mbele yake vimeungana au pana nafasi?

Mjukuu_wa_Tanga

Vimeungana. Lakini bibi ameunganisha hata "na" na neno linalofuata kila mahali, na "wa" vilevile. Sidhani kama inathibitisha kitu.

Maalim_Kisiwani

Haithibitishi. Waandishi wengi waliunganisha viunganishi. Fanya hivi: ngazi ya pili andika "uifungeto", na pembeni weka kwamba herufi zinakubali pia "uifunge tu". Usiufute usomaji wako. Kisha linganisha na nakala nyingine. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hati ambazo J. W. T. Allen alizikusanya mwambao huu, na utendi huu umo katika kitabu chake cha tendi cha 1971. London pia, SOAS, wana hati nyingi za Kiswahili. Ukikuta mnakili aliyetia alama ya kutofautisha u na o, umepata shahidi. Asiyetia hatakusaidia, ataandika kama bibi.

Kalamu_Mbili

Mkuu, daftari lenyewe unalihifadhi vipi? Mimi ningelipeleka likapigwa plastiki kurasa zote lisiharibike.

Maalim_Kisiwani

Hapana, nakuomba. Plastiki ya moto haitoki tena na wino unaweza kuharibika. Selotepu nayo vilevile, gundi inageuka ya manjano na kula karatasi. Lipige picha mchana kivulini karibu na dirisha, bila taa ya simu, ukurasa mmoja mmoja na ukingo wote uonekane. Nukta iliyofifia piga tena mwanga ukitoka ubavuni. Kisha lifunge kwenye kitambaa cheupe cha pamba, lisikae kwenye unyevu wala jua.

Mjukuu_wa_Tanga

Nimekusikia Maalim. Sasa kuna jambo jipya. Uzi wa kushonea umekatika na karatasi za katikati zimetoka. Nilidhani zimekaa kwa mpangilio, lakini chini ya kila ukurasa wa kulia, pembeni, kuna neno moja peke yake limeandikwa kwa mshazari. Sio sehemu ya ubeti.

Maalim_Kisiwani

Hilo ni la kukuongoza. Ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Liweke kila moja na mwenzake, utapanga karatasi bila kujua hata maana ya beti. Usizipange kwa kufuata kitabu, maana BintiShela kasema kweli, nakala ya bibi inaweza kuwa na mpangilio wake.

Mjukuu_wa_Tanga

Nimezipanga zote isipokuwa sehemu moja. Neno la chini ni "Mwanangu", na hakuna ukurasa unaoanza na "Mwanangu". Ukurasa niliokuwa nimeuweka hapo unaanza na "Nikutungie".

BintiShela

*Mwanangu twaa waadhi, pamoya na yangu radhi.* Huo unakuja kabla ya hirizi. Lakini hirizi umeshaisoma, sivyo? Iko karatasi ipi?

Mjukuu_wa_Tanga

Iko kwenye karatasi iliyolegea kabisa, imechanika juu. Ngoja. Mstari wake wa juu umekatika, nilidhani ni pambo. Yanaonekana maneno ya mwisho tu, "na balia".

Maalim_Kisiwani

*Akwepushe na balia.* Hicho ndicho kipande cha nne cha ubeti wa waadhi. Basi karatasi hiyo ndiyo yako, ilianza na "Mwanangu" kabla ya kuchanika. Kwenye ngazi ya kwanza andika herufi zinazoonekana tu, na palipochanika weka mabano matupu. Ngazi ya pili unaweza kujaza kutoka kitabuni, lakini ijulikane kwamba umejaza.

Mjukuu_wa_Tanga

Sawa Maalim. Mama mkubwa anasema kipande kilichochanika huenda kiko kwenye msahafu wa bibi uliobaki Pangani, alikuwa anaweka makaratasi humo. Ijumaa nakwenda.

BintiShela

Ukifika, muulize mama mkubwa anavyoliimba lile la hirizi, kabla hujamwonyesha lilivyoandikwa.